Kuandika maelezo ya rampu: kutoka kasi ya kawaida hadi polepole kilele kinapofika

"Video iende kawaida, halafu polepole akiruka." Sentensi ya namna hii huandikwa sana kwenye karatasi za maelezo ya picha hapa Lamu, na mara nyingi huzaa klipu ambayo haikumridhisha mtu. Mhariri hana kosa. Neno "akiruka" limebeba mambo mengi: kijana anakimbia juu ya ukuta, anajisukuma, anapaa, anafika juu kabisa, anashuka, anaingia majini. Mhariri aliyeko Mombasa au Nairobi, aliyetumiwa klipu na ujumbe mfupi wa simu, hana njia ya kujua polepole ianzie wapi. Basi anafanya lililo rahisi: anaipunguza klipu yote, au anaikata katikati na kupunguza nusu ya pili.

Rampu ni kitu kingine. Ni klipu moja isiyokatwa ambayo kasi yake inabadilika ndani yake, ikiteremka kutoka mwendo wa kawaida hadi polepole, na pengine ikapanda tena. Ili mtu mwingine aitengeneze kama ulivyoiwaza, maelezo yako lazima yamwonyeshe pa kuanza kushuka, pa kufika chini, na pa kutoka. Nitatumia tukio moja tu ambalo kila aliyekaa mjini Lamu amelitazama: kijana anayeruka kutoka ukuta wa ufukweni wakati maji yamejaa, kisiwa cha Manda kikiwa ng'ambo nyuma yake.

1. Chagua kilele kimoja, ukitaje kwa kitu kinachoonekana

Mruko huu una vilele viwili vinavyogombaniana. Cha kwanza ni pale mwili unapofika juu kabisa, kabla haujaanza kushuka. Cha pili ni pale vidole vinapogusa maji. Huwezi kuvitukuza vyote viwili kwenye klipu moja fupi. Ukipunguza kasi hapa na pale, mtazamaji hajui ashangae wapi.

Mimi huchagua cha juu. Pale juu mwili karibu umesimama wenyewe, mikono imefunguka, uso unaonekana, na polepole inarefusha kitu ambacho tayari kina utulivu wake. Maji, kinyume chake, yanapendeza zaidi yakipasuka kwa kasi yake halisi, hasa baada ya utulivu ule. Mwingine atachagua maji kwa sababu ya matone yanayoruka, na si vibaya, mradi achague.

Ukishachagua, usiandike "kwenye kilele" ukaishia hapo. Andika alama ambayo mtu akisogeza klipu fremu kwa fremu ataiona na kusema ni hii. "Nyayo zinapoachana na ukuta" ni alama. "Kitovu kikiwa juu kuliko fremu nyingine yoyote" ni alama. "Anapoanza kufurahia hewani" si alama, maana wahariri wawili wataiweka pahala pawili tofauti. Viambishi vya Kiswahili vinakusaidia hapa ukiviangalia: "akiruka" ni muda unaoendelea, ila "mara tu nyayo zinapoachana na ukuta" ni nukta moja. Kwenye maelezo ya rampu unahitaji nukta.

2. Jua tendo lenyewe linachukua muda gani

Watu wengi huruka hatua hii, ndiyo maana rampu zao huchelewa.

Tuseme maji yamejaa na ukuta uko kama mita 2 juu ya uso wa maji. Kijana anajisukuma na mwili wake unapanda kama sentimita 40 kabla ya kuanza kushuka. Kwa mvuto wa dunia, kupanda huko kunachukua takriban sekunde 0.3, na kushuka hadi majini sekunde 0.7. Mruko mzima ni sekunde 1. Kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde, kutoka ukutani hadi kilele cha juu ni fremu 7 au 8 tu.

Huna haja ya kufanya hesabu ya fizikia kila mara. Fungua klipu kwenye simu, isogeze polepole, hesabu fremu kati ya alama ya kwanza na kilele. Hesabu hiyo ndiyo inayokuambia una nafasi kiasi gani ya kushusha kasi.

3. Kasi ianze kushuka kabla ya kilele

Hapa ndipo maelezo mengi yanapokosea. Mtu anaandika "polepole ianze kwenye kilele". Mhariri mtiifu anaweka nukta ya kuanzia kwenye kilele chenyewe, halafu anaiteremsha kasi taratibu kama alivyoombwa. Lakini kuteremka nako kunakula muda. Kasi inapofika chini kabisa, kijana ameshaanza kushuka, na mtazamaji anapewa polepole ya mtu anayeanguka badala ya mtu aliyeelea.

Kwa hiyo andika kilele kama mahali pa kufika, si pa kuanzia. Kwa mruko wetu, kasi ianze kushuka mara tu nyayo zinapoachana na ukuta. Ukiiteremsha kutoka asilimia 100 hadi 25 kwa mstari ulionyooka, ndani ya fremu 10 za video iliyokamilika, yaani sekunde 0.4 kwenye skrini, wastani wa kasi katika kipande hicho ni asilimia 62.5. Maana yake ni kwamba katika sekunde hizo 0.4 tunatumia sekunde 0.25 za tukio halisi. Kilele kiko kwenye sekunde 0.3. Basi kasi inafika chini kabla kidogo ya kilele, na kijana anapita juu kabisa huku polepole imeshatulia.

Baada ya hapo, kaa kwenye asilimia 25 kwa sekunde 0.3 za tukio halisi, ambazo kwenye skrini zinakuwa sekunde 1.2. Kisha panda kurudi asilimia 100 ndani ya fremu 5 tu. Kupanda kuwe kwa haraka kuliko kushuka, kwa sababu mtazamaji ameshajua kinachokuja na anakingoja. Kinachobaki, kama sekunde 0.3, kinakwenda kwa kasi halisi hadi maji yanapasuka. Jumla, mruko wa sekunde 1 unachukua takriban sekunde 2.1 kwenye skrini. Hiyo inatosha. Ukiuacha polepole hadi majini, kushuka peke yake kunakaribia sekunde 3, na jicho linachoka kabla ya maji.

4. Usiagize polepole ambayo kamera haikuirekodi

Asilimia ya chini haitoki kwenye hamu yako, inatoka kwenye idadi ya fremu. Kama mradi ni wa fremu 25 kwa sekunde na kamera ilirekodi fremu 100, chukua 25 gawanya kwa 100. Unapata asilimia 25, na hapo kila fremu iliyorekodiwa inaonekana mara moja, safi. Ukiagiza asilimia 10 kutoka klipu hiyo, zaidi ya nusu ya picha zitakazoonekana hazipo. Programu italazimika kurudia zilizopo au kubuni mpya.

Ubunifu huo unajulikana ukiangalia mahali sahihi. Tazama vidole vya kijana dhidi ya mawimbi, na matone yanayoruka kutoka nywele zake. Kama programu imechanganya fremu mbili, utaona mikono miwili hafifu pale palipostahili mmoja. Kama imetumia `Optical Flow`, mbinu ya kubuni fremu kwa kufuata mwendo wa vilivyomo kwenye picha, kingo za mwili zitavuta maji pamoja nazo, kama nguo iliyolowa. Mbinu hiyo hufanya kazi nzuri pale mwili unapopita mbele ya anga tupu. Mbele ya maji yanayometameta huvurugika upesi.

Sasa jambo linalowakwaza hata wazoefu. Baadhi ya kamera, ukiziweka kwenye hali ya polepole, huihifadhi klipu ikiwa *tayari* imepunguzwa: zinarekodi fremu 100 lakini faili linachezwa kwa fremu 25. Kwa mhariri, asilimia 100 ya faili hilo ni polepole tayari. Ukimwandikia "anza asilimia 100, shuka hadi 25", ataanza na polepole na kuishia kwenye mwendo unaokaribia kuganda, asilimia 6 na kitu ya uhalisia. Ili kasi ya kawaida ipatikane kwenye faili kama hilo, anapaswa kuweka asilimia 400. Kwa sababu hiyo, katika maelezo yako andika "kasi ya maisha halisi" kwanza, ndipo utaje asilimia, na useme asilimia hizo ni za kasi halisi. Maneno machache hayo yanaokoa simu nyingi za jioni.

5. Mwambie pia mpiga video

Rampu inaandikwa kabla ya kupigwa, si baada. Mstari wa kamera una mambo matatu ya kutaja.

Kwanza ni idadi ya fremu na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Kwa fremu 100, shata ya 1/200 ndiyo ya kawaida. Lakini 1/200 inaingiza robo tu ya mwanga ambao 1/50 ingeingiza, na hapa Lamu hilo lina maana yake. Mji unaikabili Manda, upande wa mashariki. Asubuhi jua linaupiga ufukwe usoni. Jioni jua liko nyuma ya nyumba na ukuta umeingia kivulini. Siku za bamvua maji hujaa mapema alfajiri na tena alasiri, karibu na saa kumi, kwa hiyo maji ya kina yanakuja wakati kivuli kinaanza. Siku za maji mafu maji hujaa katikati ya asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, lakini hayapandi juu sana na mruko unakuwa mrefu kidogo, basi hesabu upya. Kwa vyovyote vile muulize mwenyeji kina kabla mtu hajaruka, na kwa mtoto omba ruhusa ya wazazi wake. Maji yakipwa, usipige picha hii.

Pili ni mwendo wa kamera. Kasi inaposhuka, kila kitu ndani ya fremu kinashuka, pamoja na mkono wa mpiga video. Kamera inayomfuata kijana kwa kugeuka itaonekana imekwama ghafla angani. Andika: "Kamera isimame. Fremu iwe pana kiasi cha kuonyesha ukuta, kilele na maji bila kuigeuza." Ukuta ukibaki ndani ya picha, mtazamaji ana kitu kisichosogea cha kupimia mwendo, na rampu inasomeka waziwazi.

Tatu ni muda wa kabla. Kasi ya kawaida lazima ionekane ili polepole iwe na maana. Agiza kamera iwake kijana akiwa bado nyuma, na angalau sekunde 2 za mbio zibaki kwenye klipu. Klipu inayoanza na nyayo ukingoni haina cha kushuka kutoka.

Kwa sherehe za usiku kuna la kuongeza: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi humulika mara 100 kwa sekunde. Ukipiga fremu 120, mwanga unaweza kucheza pindi unapoingia polepole. Fremu 100 zinaenda sambamba na taa hizo.

6. Sasa andika mstari wenyewe

Mpangilio ninaoushika ni wa wakati, kama mtazamaji atakavyoona: kasi ya mwanzo, alama ya kushuka, kasi ya chini na kilele kilichomo ndani yake, alama ya kutoka, mwisho, sauti. Kila sehemu ipewe sentensi yake. Ukizibana zote kwenye sentensi moja, mhariri huishika ya mwisho na kuzisahau nyingine.

Mruko wetu ukiandikwa kamili unasomeka hivi:

> Klipu moja, haikatwi. Imerekodiwa fremu 100, mradi ni fremu 25. Asilimia zote ni za kasi ya maisha halisi.
>
> Kijana anakimbia juu ya ukuta kwa kasi halisi, asilimia 100, kwa sekunde 2.
>
> Mara tu nyayo zinapoachana na ukuta, kasi inaanza kushuka. Inateremka taratibu kwa fremu 10 hadi asilimia 25.
>
> Kasi ya asilimia 25 ifikiwe kabla kitovu hakijafika juu kabisa. Kilele kipite kikiwa ndani ya polepole. Kaa hapo sekunde 1.2.
>
> Kichwa kinapoanza kuelekea chini, kasi inapanda kwa fremu 5 hadi asilimia 100. Anaingia majini kwa kasi halisi.
>
> Sauti: nyayo na upepo mwanzoni, kimya kuanzia nyayo zinapoachana na ukuta, mshindo wa maji kwa sauti yake halisi, usipunguzwe.

Kama alama na muda vikipingana, mwambie mhariri kipi kinashinda. Kwangu alama hushinda daima. Kijana mwingine ataruka juu zaidi, mwingine atachelewa kuinamisha kichwa, na sekunde 1.2 itakuwa 1.0 au 1.4. Kilele kikiwa ndani ya polepole, hakuna atakayehesabu.

Sauti nimeiweka kwa makusudi. Kamera nyingi hazirekodi sauti kabisa kwenye fremu nyingi, kwa hiyo mshindo wa maji urekodiwe pembeni kwa simu. Na sauti iliyopunguzwa pamoja na picha hugeuka mngurumo mzito unaofuta utulivu uliokuwa unautafuta.

Kuhusu programu, ongea lugha ya ile anayotumia mhariri. Kwenye DaVinci Resolve na Premiere Pro, asilimia zinaeleweka moja kwa moja: Resolve ina `Retime Curve`, Premiere ina `Time Remapping`. Kwenye CapCut kasi huandikwa kwa mara, basi asilimia 25 iandike 0.25x, na mwelekeze aende `Speed`, kisha `Curve`, kisha `Custom`. Usimruhusu atumie maumbo yaliyo tayari kama `Hero` au `Bullet` akayaacha yalivyo. Nukta za maumbo hayo zimepangwa kwa urefu wa klipu na hazijui kijana wako amefika wapi. Akitaka kuanzia hapo, sawa, mradi azisogeze nukta hadi kwenye alama zako.

7. Kagua ulicholetewa

Itazame mara ya kwanza bila kuisimamisha. Kama umeshituka kidogo pale kasi iliposhuka na ukadhani simu imekwama, kushuka ni kwa ghafla mno: mhariri ameweka kasi mbili bila mteremko kati yake. Mwombe mteremko wa fremu 10 ulioandika. Kama hukuona badiliko lolote, ila ulihisi klipu ni nzito tangu mwanzo, mbio zenyewe zimepunguzwa. Hapo rudi kwenye suala la faili lililohifadhiwa likiwa polepole.

Mara ya pili simamisha kwenye fremu ambayo mwili uko juu kabisa, kisha sogeza fremu 3 nyuma. Kama kati ya fremu hizo mwili unasogea kidogo tu na kwa hatua zilezile, polepole ilishatulia, rampu iko mahali pake. Kama hatua zinaendelea kupungua hata baada ya kilele, mteremko umechelewa, na dawa ni kuisogeza alama ya kuanzia nyuma, hata ndani ya hatua ya mwisho ya mbio. Usimwambie mhariri "ongeza polepole". Atashusha asilimia, na kosa litabaki palepale.

Mbio zikionekana za kukatakata, kama picha zinazorukaruka, chanzo ni shata ya 1/200 ikichezwa kwa kasi ya kawaida: programu inachukua fremu moja kati ya nne, na kila moja ni kali bila ukungu wa mwendo. Agiza ukungu wa mwendo uongezwe kwenye kipande cha asilimia 100 pekee, usiguse polepole.

Matendo yasiyo na utulivu juu

Mruko umetupa kilele ambacho mwili hupunguza mwendo wenyewe. Kirumbizi, mchezo wa fimbo, hakitupi hivyo. Fimbo mbili zinapogongana, kilele ni fremu moja, na baada yake kila kitu kinarudi nyuma. Hapo usiandike polepole ianze zinapogongana, wala usijaribu kuishusha njiani, maana fimbo inashuka upesi mno. Alama ya kushuka iwe fimbo inapoinuliwa: "Kasi inaanza kushuka mkono unapopanda. Ifike asilimia 25 fimbo ikiwa juu kabisa, kabla haijaanza kushuka. Fimbo zikishagusana, kaa fremu 5, kisha rudi asilimia 100." Sauti ya mgongano iwekwe kwenye fremu ileile zinapogusana, kwa kasi yake halisi, na ngoma izime kuanzia mkono unapopanda.

Mbio za punda za wakati wa Maulidi ni ngumu kuliko zote mbili, kwa sababu punda hana kilele isipokuwa ukikitafuta ndani ya hatua yake. Tazama klipu fremu kwa fremu utafute pale miguu inapokusanyika chini ya tumbo na kwato zote zimeachana na ardhi. Iandike hiyo kuwa alama ya kilele, na alama ya kushuka iwe hatua moja nzima kabla yake. Kama punda hakukimbia kwa kasi ya kutosha kuiacha ardhi, klipu hiyo haina pa kuwekea rampu. Iache iende kwa kasi ya kawaida hadi mwisho.